Sampuli ya nasibu au sampuli ya mgao: ipi uiandike kwenye pendekezo lako la utafiti wa soko, na uitetee vipi

Tuchukue kampuni inayotaka kuuza mitungi midogo ya gesi ya kupikia, ile ya kilo 6, kisiwani Pemba. Swali la mwenye mali ni moja: kati ya kaya zote za Pemba, asilimia ngapi zitanunua mtungi na jiko lake kwa bei aliyoipanga? Hesabu zake zimeshamwonesha kwamba zikiwa chini ya asilimia 30 biashara hailipi, maana kuna gharama ya kuvusha mitungi na kuweka bohari. Mfano huu, pamoja na idadi za kaya na shehia zitakazotajwa, ni wa kubuni. Hesabu zake zinafanya kazi vilevile kwa bidhaa yoyote inayouzwa majumbani.

Mtafiti ana njia mbili mezani. Ya kwanza ni kuwapeleka wadadisi kwenye masoko ya Chake Chake, Wete, Mkoani na Konde wahoji watu 200 kwa mgao uliopangwa. Ya pili ni kuchagua shehia kwa nasibu, kisha kaya ndani ya shehia kwa nasibu, na kugonga hodi kwenye nyumba zilizochaguliwa na si nyingine.

Kinachozitenganisha si ukubwa wa sampuli wala uaminifu wa wadadisi. Kwenye sampuli ya nasibu, kila kaya ya Pemba ina nafasi ya kuchaguliwa, nafasi hiyo si sifuri, na unaweza kuiandika kwa tarakimu kabla hujatoka ofisini. Kwenye sampuli ya mgao nafasi hiyo haijulikani, na kwa kaya nyingi ni sifuri kabisa. Tofauti zote nyingine zinatoka hapo.

Njia ya masoko

Mgao unapangwa hivi. Unachukua takwimu za sensa na kuwagawa wahojiwa 200 kwa wilaya nne, kwa wanaoishi mjini na wanaoishi shamba, na kwa wanawake na wanaume. Kila mdadisi anapewa karatasi yake: wanawake 14 wa shamba, wanaume 11 wa mjini, na kadhalika. Anawatafuta mpaka visanduku vijae. Wadadisi wanne wakihoji watu 15 kwa siku kila mmoja, kazi inakwisha ndani ya siku nne. Hii ndiyo nguvu ya njia hii na hakuna haja ya kuionea haya.

Udhaifu unaanzia pale visanduku vinapojazwa. Mdadisi hana sababu ya kumfuata mwanamke mwenye haraka na kikapu kichwani wakati kuna mwingine amekaa kivulini anangoja gari ya shamba. Wanaume anawapata kwenye baraza, na ukimpata mmoja barazani umewapata watano wenye mawazo yaleyale, maana wamekuwa wakiyajadili pamoja tangu asubuhi. Sanduku la "mwanamke wa shamba" litajazwa na mwanamke wa shamba aliyekuja mjini, yaani mwenye nauli na kitu cha kununua. Yule asiyefika sokoni, ambaye pengine ndiye anayepikia kuni za kuokota, hayumo. Wa Kojani, Fundo au Kisiwa Panza watakuwemo tu ikiwa walivuka siku hiyo.

Mgao unalinganisha sampuli na watu kwa yale uliyoyapangia tu. Ndiyo maana kipimo kizuri cha kugundua tatizo ni kuuliza maswali mawili matatu ambayo hukuyapangia mgao lakini sensa inayo majibu yake: idadi ya watu katika kaya, umeme ndani ya nyumba, kiwango cha elimu cha mkuu wa kaya. Ikiwa sensa inaonesha nusu ya kaya zina umeme na sampuli yako inasema asilimia 80, umewahoji wenye nafuu. Majibu yao kuhusu gesi yatapendeza kuliko hali halisi.

Kuongeza idadi hakuponyi ugonjwa huu. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 kabla ya uchaguzi wa rais na kutabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mwaka 1948 wapiga kura za maoni waliotumia mgao walitabiri ushindi wa Dewey, na aliyeapishwa ni Truman. Mgao haukuwa sababu pekee ya kosa lile, lakini ulikuwa miongoni mwa sababu, na baada ya hapo fani yenyewe ilianza kuuhama.

Njia ya shehia

Hapa kazi ya kwanza ni kupata orodha ya msingi, yaani orodha ambayo kila kaya ya Pemba imo ndani yake kwa namna fulani. Orodha ya majina ya kaya zote za kisiwa huna, na huihitaji. Unachohitaji kwanza ni orodha ya shehia zote pamoja na idadi ya kaya za kila shehia kwa mujibu wa sensa ya 2022, ambayo unaiomba kwa Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali.

Zipange shehia kwa jiografia, kuanzia Micheweni kaskazini kushuka Wete, Chake Chake mpaka Mkoani, ili sampuli isijirundike upande mmoja. Jumlisha kaya kwa kupanda. Tuseme jumla ni kaya 96,000 na unataka shehia 32. Gawanya: 96,000 kwa 32 ni 3,000. Hiyo ndiyo hatua yako. Chagua namba ya kuanzia kati ya 1 na 3,000:

```
=RANDBETWEEN(1,3000)
```

Namba ikishatoka, inakili papo hapo kama thamani tupu na uiandike kwenye kumbukumbu, kwa sababu jedwali likipiga hesabu upya namba itabadilika na hutaweza tena kumthibitishia mtu ulichagua vipi. Tuseme imetoka 1,870. Shehia ya kwanza ina kaya 640, ya pili 910, ya tatu 480. Jumla ya mbili za kwanza ni 1,550, na ukiongeza ya tatu unafika 2,030. Basi 1,870 imeangukia shehia ya tatu. Inayofuata ni ile iliyobeba kaya namba 4,870, halafu 7,870, mpaka zitimie 32. Shehia kubwa ina nafasi kubwa zaidi ya kuingia, na hilo linasawazishwa baadaye kwa kuchukua idadi ileile ya kaya, yaani 10, kila shehia.

Ndani ya shehia unaanza kwa sheha. Beba barua na kibali cha utafiti, kwani bila hivyo hakuna daftari litakalofunguliwa. Daftari la wakaazi ni mwanzo mzuri, lakini usichague kaya moja kwa moja kutoka humo. Waliohama bado wamo, na waliojenga juzi pembezoni mara nyingi hawamo. Watu wawili wakae siku mbili wakipita njia kwa njia pamoja na mtu anayeijua shehia, wakiandika kila kaya kwa namba. Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja yenye majiko mawili ya familia mbili ni kaya mbili, na kwa utafiti wa gesi ya kupikia kosa hapa ni kubwa.

Tuseme shehia ile ya tatu, yenye kaya 480 kwenye sensa, imeorodheshwa na kukutwa na 560. Hatua sasa ni 560 kwa 10, yaani 56. Namba ya kuanzia ikitoka 23, utazitembelea kaya namba 23, 79, 135 na kuendelea mpaka 527. Kama idadi ya sensa na ya orodha zingekuwa sawa, kila kaya ya Pemba ingekuwa na nafasi 1 katika 300, na kila kaya uliyoihoji ingesimama badala ya kaya 300. Hapa shehia imekua, kwa hiyo uzito wa kila kaya yake unapanda kwa 560/480 na kuwa 350. Uzito huo uandike siku hiyohiyo. Ukiusahau, sehemu zinazokua haraka, ambazo kwa muuza gesi ni soko zuri, zitahesabiwa kidogo kuliko zilivyo.

Halafu kuna mlango uliofungwa. Kanuni iwe kurudi mara tatu kwa nyakati tofauti: asubuhi, baada ya alasiri, na siku nyingine jioni. Kuhamia nyumba ya jirani hakuruhusiwi. Anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi ana maisha tofauti na aliyekwenda baharini au shambani, na ukimweka mmoja badala ya mwingine umerudisha kwa mlango wa nyuma kasoro uliyolipia kuiondoa. Msimu wa karafuu ukipamba moto, milango iliyofungwa itazidi. Kama ratiba inaweza kusogea, isogeze, na uikwepe Ramadhani pia, maana mapishi ya mwezi huo si mapishi ya kawaida.

Mwisho, amua ndani ya kaya unahoji nani. Anayepika anajua makaa yanakwisha kwa siku ngapi, lakini mwenye kutoa fedha za mtungi anaweza kuwa mwingine. Dodoso liwe na sehemu ya kila mmoja.

Zikiwekwa ubavuni

| | Mgao sokoni | Nasibu kwa shehia |
|---|---|---|
| Unachohitaji kwanza | Mgawanyo wa watu kutoka sensa | Orodha ya shehia, vibali, kuorodhesha kaya |
| Muda wa kazi uwandani | Siku 4, wadadisi 4 | Siku 16 hivi, timu 6 za watu wawili |
| Anayechagua mhojiwa | Mdadisi | Namba |
| Wigo wa makosa | Hauhesabiki | Unahesabika |
| Kinachoiharibu | Wasiofika sokoni | Orodha mbovu, kaya zilizokosekana |

Safu ya nne ndiyo inayoamua. Mwenye mali ana mpaka wake wa asilimia 30. Sampuli ya nasibu yenye wigo wa makosa wa asilimia 7 ikileta 42, ukweli una uwezekano mkubwa kuwa kati ya 35 na 49, na anaweza kuagiza mitungi. Ikileta 33, wigo unaanzia 26, na jibu la haki ni kwamba bado haijulikani. Sampuli ya mgao ikileta 42, hujui kama ukweli ni 40 au 22, na hakuna fomula ya kukwambia.

Lakini swali likibadilika, uzani unabadilika. Tuseme mwenye mali anataka kujua kwa nini watu wanaogopa gesi, maneno gani wanayatumia wanapoizungumzia, na kama mtungi wa kilo 6 unabebeka kwenye baskeli. Kwa hayo nasibu ni gharama ya bure. Watu 15 waliochaguliwa kwa makusudi, yaani sampuli lengwa, wakiwemo walioacha gesi na kurudi kwenye makaa, watakufundisha zaidi ya kaya 300 zilizoteuliwa kwa namba. Walioacha gesi ni wachache, na nasibu ingekuletea wawili watatu tu. Utawapata kupitia wauza gesi na kwa kuoneshana wao kwa wao.

Kuutetea uchaguzi kwenye pendekezo

Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye mapendekezo ya utafiti hapa kwetu ni kutaja fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli na kisha kusema wahojiwa watapatikana sokoni. Fomula yenyewe ni hii:

```
n = N / (1 + N*e^2)
```

Kwa kaya 96,000 na wigo wa asilimia 5 inatoa 399 baada ya kupandisha desimali. Namba hiyo ina maana kwa sampuli nasibu sahili pekee, ile ambayo kila kaya inavutwa moja moja kutoka orodha kamili. Kwa watu wa sokoni haina maana yoyote, na hata kwa kaya za shehia haitoshi, kwa sababu majirani wanafanana. Msomaji makini akiona fomula na neno "sokoni" kwenye ukurasa mmoja, anajua namba imewekwa kama pambo.

Ukubwa wa sampuli yetu unatoka hivi. Anza na wigo anaouhitaji mwenye mali, asilimia 7, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95:

```
n = 1.96^2 * 0.5 * 0.5 / 0.07^2 = 196
```

Kisha ongeza kwa ajili ya kufanana kwa majirani. Ukihoji kaya 10 kwa shehia na ukikadiria ufanano wa 0.05, unazidisha kwa 1 + (10 − 1) × 0.05, yaani 1.45. Unapata 284.2, sawa na kaya 285. Ukitarajia kukosa moja katika kila kumi, gawanya kwa 0.9: kaya 317. Shehia 32 kwa kaya 10 ni 320. Makadirio ya ufanano yataje wazi kuwa ni makadirio. Kama utafiti wa majaribio au utafiti wa zamani wa kaya umetoa namba nyingine, tumia hiyo.

Kosa la pili ni sababu inayomhusu mtafiti badala ya uamuzi: "Sampuli ya wanaopatikana itatumika kwa sababu ya uhaba wa muda na fedha." Uhaba ni kweli, lakini haujibu kama sampuli inatosha kwa kinachoamuliwa. Utetezi unaosimama unafuata mnyororo: uamuzi, kinachopimwa, watu wanaohusika, orodha iliyopo na mapengo yake, njia, ukubwa, na mwisho usichoweza kusema. Ukiuandika unasomeka hivi:

"Kampuni itaagiza mitungi ikiwa angalau asilimia 30 ya kaya za Pemba zitakuwa tayari kununua. Kwa kuwa uamuzi unategemea asilimia ya kaya zote, sampuli ya nasibu ya hatua mbili itatumika: shehia 32 kwa uwiano wa idadi ya kaya za sensa ya 2022, na kaya 10 kutoka orodha mpya ya kila shehia. Ukubwa wa kaya 320 unatoa wigo wa makosa wa asilimia 7 baada ya kuzingatia ufanano wa majirani na kaya zitakazokosekana. Nyumba za wafanyakazi za mahoteli na kambi za wavuvi hazimo kwenye orodha, kwa hiyo matokeo hayatazihusu. Utayari wa kununua unaotajwa kwa mdomo huzidi ununuzi halisi, na nasibu haiondoi hilo."

Sentensi ile ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Sampuli bora haiponyi swali bovu.

Na ukiwa na bajeti ya siku nne tu? Tumia mgao, lakini punguza dai. Andika kwamba utafiti utaonesha sababu na vikwazo, na utachuja bei tatu kubaki mbili. Usiandike asilimia ya soko. Ripoti iseme "wahojiwa 84 kati ya 200" na isiseme "asilimia 42 ya kaya za Pemba". Ukitumia sampuli zote mbili, lengwa itangulie ili ikusaidie kutunga dodoso, nasibu ifuate kupima.

Mtihani mgumu ni pale inapodhaniwa kwamba hakuna orodha, basi hakuna nasibu. Watalii Unguja ni mfano. Hakuna daftari la majina yao utakalopewa, lakini wanaoondoka kwa ndege wanapita uwanja mmoja wa ndege. Ratiba ya safari za wiki mbili ndiyo orodha yako. Chagua safari kwa nasibu, kisha kwenye foleni ya kila safari chukua kila abiria wa 15 kuanzia namba iliyovutwa. Sokoni pia unaweza kufanya hivyo kwa kila mteja wa 15 anayepita mlangoni, ila hapo unachagua ziara, hujachagua watu. Anayekuja kila siku ana nafasi thelathini za anayekuja mara moja kwa mwezi. Muulize amefika mara ngapi ndani ya siku 30 zilizopita, na majibu yake uyape uzito wa 1 kugawanya kwa idadi hiyo. Watalii wanaoondoka Unguja kwa boti kupitia bandari ya Malindi hawamo kwenye ratiba ya uwanja wa ndege. Kwao unahitaji ratiba ya boti na foleni ya pili, au sentensi kwenye pendekezo inayosema wameachwa nje.